Joto la Pipa la Pombe, Lililopimwa kwa Moto

Mama apikaye mbege kwenye miteremko ya Kilimanjaro hahitaji kipimajoto ili ajue kama pombe yake imeanza kuchacha. Huweka kiganja ubavuni mwa pipa. Ndizi zilichemshwa, zikapoa, zikachanganywa na kimea cha ulezi, na pipa likaachwa likiwa baridi. Kesho yake povu limepanda na pipa lina uvuguvugu, ilhali hakuna hata kijinga cha moto chini yake.

Joto hilo linatoka kwenye sukari. Chachu inaimeng'enya na kuigeuza kuwa kilevi, yaani ethanoli, na gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo ndiyo inayopandisha povu. Wanakemia huuandika mmenyuko huo kwa mstari mmoja:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa maneno, moli moja ya glukosi huzaa moli mbili za ethanoli na moli mbili za kaboni dayoksaidi. Moli moja ya glukosi ni gramu 180, karibu vikombe viwili vidogo vya unga wake. Mwanafunzi wa kidato cha sita akipewa zoezi juu ya mstari huo, anaulizwa jambo ambalo kiganja cha mama hakiwezi kulisema: gramu hizo 180 zinatoa joto kiasi gani?

Jibu la haraka ni kwamba apime. Atie sukari na chachu kwenye chombo kisichopitisha joto, achomeke kipimajoto, asubiri. Tatizo ni hiyo subira. Chachu hufanya kazi kwa siku kadhaa, na hakuna chupa ya chai inayozuia joto lisivuje kwa muda wote huo. Isitoshe, chachu haifuati mstari ule kwa uaminifu. Sehemu ya sukari huitumia kujenga seli mpya, na nyingine huigeuza kuwa gliseroli na vitu vingine vidogo vidogo. Kwa hiyo joto linalopimwa pipani si joto la mmenyuko ulioandikwa ubaoni, bali la mambo kadhaa yanayokwenda kwa pamoja.

Njia inayobaki inashangaza mara ya kwanza mtu anapoisikia. Ili kupata joto la kuchacha, sukari haichachishwi. Inachomwa moto. Ethanoli nayo inachomwa moto, mahali pengine na siku nyingine, kisha namba mbili zinatolewa moja kwa nyingine.

Fikiria Nairobi na Kampala. Nairobi iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Kampala karibu 1,200. Tofauti ya mita 600 inajulikana bila mtu yeyote kuvuta kamba kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa sababu miji yote miwili imepimwa kutoka kwenye bahari ileile. Katika kemia ya vitu vyenye kaboni, haidrojeni na oksijeni, bahari hiyo ni majivu ya moto safi: kaboni dayoksaidi na maji. Glukosi ikiungua kabisa inaishia hapo. Ethanoli nayo inaishia hapohapo. Ukijua kila moja imeshuka kiasi gani hadi kufika chini, unajua pia tofauti ya kimo kati yao.

Aliyeweka msingi wa hesabu hii ni Germain Henri Hess, mzaliwa wa Geneva wa mwaka 1802 aliyepelekwa Urusi akiwa mtoto mdogo. Alisomea udaktari na kutibu watu huko Irkutsk, Siberia, kabla ya kuhamia St. Petersburg na kuishika kemia moja kwa moja. Kwenye majaribio yake alichukua asidi ya salfuriki, akaizimua kwa viwango mbalimbali vya maji, kisha akaipambanisha na amonia. Asidi iliyozimuliwa sana ilitoa joto jingi wakati wa kuzimuliwa na joto dogo ilipokutana na amonia. Iliyozimuliwa kidogo ilifanya kinyume. Lakini jumla haikubadilika. Mwaka 1840 alitangaza kwamba joto la badiliko la kikemia linategemea mwanzo na mwisho wake tu, si hatua za katikati. Cha kuvutia ni kwamba kanuni ya jumla ya kuhifadhika kwa nishati ilikuwa bado haijatangazwa. Robert Mayer aliandika juu yake miaka miwili baadaye. Hess hakuipata kwa nadharia. Aliiona kwenye kipimajoto.

Leo joto hilo, likipimwa chini ya presha isiyobadilika kama ile ya hewa inayotuzunguka, huitwa badiliko la enthalpi, na huandikwa ΔH. Alama ya kutoa maana yake joto limetoka kwenye kemikali kwenda nje. Alama ya kujumlisha maana yake kemikali zimevuta joto ndani.

Sasa mzunguko wenyewe. Juu ya karatasi, kushoto, unaandika glukosi. Kulia unaandika ethanoli mbili na kaboni dayoksaidi mbili. Mshale unaotoka kushoto kwenda kulia ndio usiojulikana. Chini ya karatasi, katikati, unaandika bahari: 6CO2 + 6H2O. Kisha unashusha mishale miwili, mmoja kutoka kila upande.

Mshale wa kushoto ni kuungua kwa moli moja ya glukosi pamoja na oksijeni sita. Majedwali ya kemia huupa kilojuli −2,803. Mshale wa kulia unahitaji uangalifu. Moli moja ya ethanoli ikiungua inatoa kilojuli −1,367, na hapa zipo mbili, kwa hiyo ni −2,734. Ethanoli hizo mbili huzaa kaboni dayoksaidi nne na maji sita. Ukiongeza zile kaboni dayoksaidi mbili zilizokuwapo tangu juu, unapata sita na sita. Pande zote mbili zimefika mahali pamoja, na mzunguko umefunga.

Kufunga huko si pambo. Kama hesabu ya atomi chini haifanani kwa njia zote mbili, hakuna haja ya kuendelea na namba, maana mtu anapima miji miwili kutoka bahari mbili.

Kinachofuata ni safari. Unataka kutoka glukosi kwenda ethanoli, lakini mshale wa moja kwa moja umefungwa, basi unazunguka. Unashuka na mshale wa kushoto ukielekea unakoelekea, ukichukua −2,803 kama ilivyo. Halafu unapanda mshale wa kulia kinyume cha uelekeo wake, na kila ukienda kinyume alama inageuka: −2,734 inakuwa +2,734. Jumla ni −69. Kuchacha kwa moli moja ya glukosi, kwenye karatasi, hutoa kilojuli 69.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na kosa lao lina sababu inayoeleweka. Wamefundishwa kanuni mbili zinazofanana kama mapacha. Kwa data za kuungua, huchukuliwa jumla ya vitu vya mwanzo na kutolewa jumla ya mazao. Kwa data za kuundika kutoka elementi, ni kinyume: mazao kutoa vitu vya mwanzo. Anayekariri bila kuchora hujikuta amepata +69, yaani pipa la mbege linalovuta joto na kuwa baridi kama mtungi. Anayechora hawezi kukosea kirahisi, kwa kuwa tofauti ya kanuni hizo ni uelekeo wa mishale tu. Kuungua hushuka kutoka kwenye kemikali kwenda baharini. Kuundika hupanda kutoka kwenye elementi kwenda kwenye kemikali.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kuipa kaboni dayoksaidi joto la kuungua. Mwanafunzi anaiona upande wa mazao, anafungua jedwali, anakuta −393.5 na kuichomeka kwenye hesabu. Namba hiyo ni ya kweli, ila ni joto la kuungua kwa kaboni, si la kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi imekwisha kuungua. Tayari iko baharini, na mteremko wake ni sifuri.

Kabla ya kuiacha ile −69, inafaa kuiangalia vizuri, maana inasema jambo ambalo jicho halilioni. Gramu 180 za glukosi hugeuka kuwa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dayoksaidi. Karibu nusu ya uzito wa sukari hupaa na povu. Lakini joto linalopotea ni kilojuli 69 kati ya 2,803, chini ya mia kwa tatu. Zaidi ya asilimia 97 ya moto uliokuwa ndani ya sukari umehamia kwenye nusu ya uzito. Ndiyo sababu gramu moja ya glukosi ikiungua hutoa kilojuli zipatazo 15.6, na gramu moja ya ethanoli karibu 29.7. Chachu hupata ujira mdogo sana kwa kazi yake, na anayepika kwa jiko la spiriti anafaidi kilichobaki.

Lakini namba ndogo iliyotokana na namba mbili kubwa ina hatari yake. Tuseme aliyepima glukosi alikosea kwa asilimia moja tu. Ni kosa dogo, lakini asilimia moja ya 2,803 ni kilojuli 28. Jibu lililotakiwa kuwa −69 linaweza kuwa −41 au −97. Kosa lisiloonekana kwenye namba kubwa limekula sehemu kubwa ya jibu. Kwa hiyo uhai wa njia hii yote uko kwenye swali moja: data za kuungua zilipatikanaje?

Hazikupatikana kwa taa ya spiriti. Jaribio la shuleni linajulikana: taa ya ethanoli chini ya kopo la maji, kipimajoto ndani, taa inapimwa uzito kabla na baada. Sehemu kubwa ya joto hupita pembeni mwa kopo na kwenda hewani, spiriti kidogo hupotea kwa kukauka kwenye utambi, na masizi meusi chini ya kopo ni kaboni ambayo haikufika baharini. Mwanafunzi makini anaweza kupata −900 kwa moli na kulisifu jaribio lake. Akiiingiza namba hiyo kwenye mzunguko pamoja na glukosi ya jedwali, anapata −2,803 + 1,800, yaani −1,003. Kwa jibu hilo, lita moja ya pombe tamu ingechemka yenyewe.

Namba za majedwali zilitoka kwenye chombo kiitwacho bomu, kilichobuniwa na Mfaransa Marcellin Berthelot katika karne ya 19. Ni mtungi mnene wa chuma cha pua. Glukosi iliyoshindiliwa kuwa kidonge huwekwa ndani, oksijeni hujazwa hadi presha ya mara 30 hivi ya hewa ya kawaida, na mtungi huzamishwa kwenye maji. Waya mwembamba hupitishiwa umeme, kidonge hushika moto, na kwa oksijeni nyingi namna hiyo hakibaki kitu, hata masizi. Joto lote huingia kwenye chuma na maji. Kwa chombo kinachohitaji kilojuli 10 kupanda nyuzi moja, gramu moja ya glukosi hukipandisha nyuzi 1.56, na kipimajoto husomwa hadi sehemu ya elfu ya nyuzi. Uwezo wa chombo chenyewe hujulikana kwa kuchoma kwanza asidi ya benzoiki, ambayo kila gramu yake hutoa kilojuli 26.4, hiyo ndiyo mizani ya rejea ya maabara hizi.

Bomu lina jambo moja ambalo zoezi la ngazi ya juu hupenda kulitumia kama mtego. Mtungi umefungwa, kwa hiyo ujazo haubadiliki na presha ndiyo inayobadilika. Enthalpi inataka kinyume chake. Glukosi inaponea: hutumia moli sita za gesi ya oksijeni na kutoa moli sita za gesi ya kaboni dayoksaidi, hivyo hakuna cha kusahihisha. Ethanoli hutumia tatu na kutoa mbili. Moli moja ya gesi imepungua, na kwa nyuzi 25 hilo huongeza takribani kilojuli 2.5 za joto pale mmenyuko unapofanyika chini ya presha ya kawaida. Ni kitu kidogo mbele ya 1,367. Lakini ethanoli ziko mbili, na kilojuli 5 mbele ya 69 si kidogo tena. Anayesahau anaandika −74.

Hali ya maji nayo ihesabiwe. Majedwali ya kemia huchukulia kwamba maji yaliyozaliwa na moto yamepoa na kuwa kimiminika. Majedwali ya mafundi wa injini mara nyingi huyaacha yakiwa mvuke, na ethanoli hapo husomeka −1,235, kwa sababu kila moli ya maji inahitaji kilojuli 44 ili ibaki mvuke. Mtu akichanganya jedwali moja na jingine hupata −333. Akitumia mvuke pande zote mbili, glukosi inakuwa −2,539, ethanoli mbili −2,470, na tofauti ni −69 ileile. Kina cha bahari hakina shida, mradi pande zote zipimwe kutoka kina kimoja.

Je, njia hii ya kuzunguka imewahi kuwekwa kwenye mizani na ile ya moja kwa moja? Ndiyo, kwa mmenyuko mwingine ulio rahisi kuudhibiti. Katika miaka ya 1930, George Kistiakowsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima moja kwa moja joto la ethini inapopokea haidrojeni na kuwa ethani, wakapata kilojuli zipatazo −137 kwa moli, kwenye joto la nyuzi 82. Kwa data za kuungua, hesabu ni −1,411 ya ethini, jumlisha −286 ya haidrojeni, kutoa −1,561 ya ethani: −136. Tofauti ndogo iliyobaki inalingana na ile ya joto la vipimo, nyuzi 82 huku na nyuzi 25 kule.

Turudi pipani, maana −69 si namba ya pipa. Ni namba ya glukosi iliyo unga mkavu ikigeuka kuwa ethanoli tupu isiyo na tone la maji. Mbege haiko hivyo. Sukari imeyeyuka, na kilevi kinazaliwa ndani ya maji. Mzunguko wenyewe unaweza kurefushwa ili kuingiza hilo. Glukosi ikiyeyuka huvuta kilojuli 11. Ndiyo maana unga wake huacha ubaridi kidogo ulimini. Kuitoa kwenye maji ni kinyume, −11. Kisha mmenyuko, −69. Mwishoni ethanoli inaingia majini, na kila moli hutoa kilojuli zipatazo 10, jumla −20. Ukijumlisha zote unapata −100.

Watengenezaji wa divai, ambao hawana haja na mishale, hutumia kilokalori zipatazo 23.5 hadi 24 kwa kila moli ya sukari. Ukizigeuza ni kilojuli 98 hadi 100.

Tuchukue basi lita moja ya kinywaji chenye gramu 180 za sukari, kiwango kinachokaribia maji ya zabibu tamu. Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.18, hivyo kilojuli 100 zingeipandisha nyuzi 24 kama hakuna joto lililovuja. Kinywaji kilichoanza na nyuzi 25 kingefika 49, na chachu nyingi za pombe hazifiki huko zikiwa hai. Pipa dogo la kijijini huokolewa na ubavu wake, unaomwaga joto hewani usiku na mchana kwa kasi karibu sawa na linavyozaliwa. Uvuguvugu anaouhisi mama ni ile ziada ndogo ambayo haijapata nafasi ya kutoka. Matangi ya viwandani yana kimiminika kingi na ubavu mdogo kwa kulinganisha, na ndiyo maana yamevishwa koti la chuma ambamo maji baridi huzungushwa muda wote pombe inapochacha.